Kusoma lebo ya buti na glavu kabla ya kununua

Mwongozo huu ni kwa anayefunga nondo na kung'oa mbao za zege, maana huko misumari na ncha za waya ziko kila mahali.

Hatua ya 1: soma alama ya buti
Vuta ulimi wa buti usome lebo ya ndani. Ikiandikwa EN ISO 20345, kikombe cha vidole kimepimwa kwa pigo la jouli 200, karibu sawa na mzigo wa kilo 20 ukianguka kutoka mita 1. Wengi huishia hapo: wanagonga kikombe, wakisikia chuma wanalipa. Lakini msumari huingilia chini. S1 na S2 hazina kinga ya soli. S3 inayo, na ngozi yake huchelewesha maji kupenya. Lebo za toleo la 2022 huongeza herufi pale kinga ikiwa ya kitambaa kigumu badala ya chuma: S3L hupimwa kwa msumari wa milimita 4.5, S3S kwa wa milimita 3. Kama mbao zenu zina misumari myembamba, mimi ningeiacha S3L dukani.

Hatua ya 2: jaribu jioni
Miguu huwa imevimba kidogo jioni. Vaa soksi za kazini, funga kamba, kisha chuchumaa. Ukingo wa kikombe ukikukata juu ya vidole, buti hizo hazifai. Ngozi italainika, kikombe hakitapanuka. Tembea pia: kisigino kisipande na kushuka.

Hatua ya 3: soma nyundo ya glavu
Chini ya mchoro wa nyundo na maandishi EN 388 kuna tarakimu nne na herufi. Chukua 4X42C. Ya kwanza, 4, ni kusuguliwa, na ndiyo alama ya juu. X si sifuri: jaribio la kukatwa kwa kisu cha duara halikutumika. Zinafuata 4 ya kuchanika na 2 ya kutobolewa. Herufi C ni kukatwa, kwa ngazi za A hadi F. Kwa nondo, C inanitosha. Ile 2 isikudanganye: hutobolewa kwa ncha nene, wala haielezi waya mwembamba.

Hatua ya 4: pima kiganja
Zungusha futi ya kamba kwenye kiganja, bila kidole gumba. Sentimita 23 ni saizi 9, kwa kuwa namba hiyo ni mzunguko kwa inchi. Kisha okota waya mmoja wa kufungia sakafuni. Ukishindwa, glavu hiyo utaivua kazini, na hapo ndipo waya hukuchoma. Nimeona mwenzangu akichomwa hivyo, glavu nzuri ya C ikiwa mfukoni.

Siku ya kumwaga zege badilisha: glavu ya kufuma hunyonya maji ya simenti na kuyashikilia kwenye ngozi hadi iungue. Vaa ya mpira isiyopitisha maji.