Tazama mfereji wa punje kabla ya kulipa

Ukinunua kahawa hapa Kigoma mjini, omba punje, usichukue unga. Kwenye unga huwezi kuona kilichochanganywa.

Mwaga punje chache kiganjani, uzigeuze upande uliobapa. Punje ya aina ya arabika ni ndefu kidogo, na mfereji wake wa katikati umepinda kama herufi S. Ya aina ya robusta ni ya mviringo, ndogo, mfereji umenyooka. Hata ikikaangwa, alama hiyo haipotei.

Arabika ndiyo ya kwetu, inatoka milimani kama Kalinzi. Ina uchachu mtamu na harufu nzuri. Robusta ya Kagera ni nzito na chungu zaidi, na kwa kawaida bei yake iko chini, kwa sababu mti wake huzaa sana, hukubali maeneo ya chini na hustahimili ugonjwa wa kutu ya majani unaousumbua sana mti wa arabika. Kwa hiyo ukiuziwa mchanganyiko kwa bei ya arabika tupu, umepunjwa.

Mimi robusta siidharau. Alfajiri inanifaa kuliko nyingine. Ila pima. Kafeini yake hukaribia mara mbili ya arabika: gramu 10 za unga wa arabika zina takriban miligramu 120, za robusta 220. Mtu aliyezoea vikombe viwili vya arabika jioni, akibadilishiwa bila kujua, atakesha moyo ukimdunda, na atadhani ni malaria.