Kitenzi kikae wapi? Kupanga upya sentensi za Kiholanzi, na mtego wa "toen"

Wifi yangu anasoma Kiholanzi hapa Rotterdam. Juzi alinijia na karatasi ya mazoezi iliyojaa wino mwekundu. Aliambiwa aunganishe "De bus kwam" (basi lilikuja) na "Wij stapten in" (tulipanda) kwa kutumia neno "toen", akaandika:

Toen kwam de bus, stapten wij in.

"Wifi, si walisema neno la wakati likitangulia, kitenzi kinakuja kabla ya kiima? Nimefanya hivyo hivyo, mbona nimekatwa?"

Swali lake ni la haki. Mimi mwenyewe lilinila jioni nzima nilipokuwa darasani. Tulikaa mezani na penseli, tukaenda hivi. Penseli naisisitiza: mazoezi ya simu yanakupa maneno uyasukume kwa kidole, unabahatisha mpaka rangi ya kijani itokee, na kesho yake hujui ulipitaje. Andika sentensi nzima kwa mkono.

Hatua ya 1: Pigia mstari kitenzi kinachobadilika

Kwenye karatasi za mazoezi kinaitwa persoonsvorm. Geuza sentensi iwe swali la ndiyo au hapana. Kitakachotangulia ndicho hicho. "Ik heb gisteren gewerkt" inakuwa "Heb ik gisteren gewerkt?", kwa hiyo ni "heb". "Gewerkt" iache ilipo.

Hatua ya 2: Zoezi likisema "Begin met..."

Katika sentensi kuu, persoonsvorm hukaa nafasi ya 2. Ukianza na neno la wakati, nafasi ya 1 imeshajaa, kwa hiyo kiima kinahamia nyuma ya kitenzi:

Ik ga morgen naar de markt.
Morgen ga ik naar de markt.

Sisi tunaandika "Morgen ik ga" kwa sababu Kiswahili hakituzoeshi jambo hili. "Nitaenda sokoni kesho" na "Kesho nitaenda sokoni" zote ni sawa, na kitenzi hakigeuki hata kidogo, maana kiima kimeshikana nacho: ni-ta-enda. Kwa Kiholanzi "ik" imesimama peke yake, ndiyo maana inaweza kurukwa.

Hesabu nafasi, usihesabu maneno. Katika "Op de eerste dag van de maand betaal ik de huur", maneno 7 ya mwanzo yanajibu swali moja, "lini?", kwa hiyo yote ni nafasi ya 1.

Angalia pia "jij" na "je". Vikihamia nyuma ya kitenzi cha wakati uliopo, ile t ya mwisho iliyoongezwa inadondoka: "Jij werkt vandaag", lakini "Vandaag werk jij". Kwa "hij" haidondoki: "Vandaag werkt hij".

Hatua ya 3: Viunganishi visivyohesabiwa

"En", "maar", "want", na "of" yenye maana ya "au" havichukui nafasi yoyote. Baada yake sentensi inaanza kama kawaida: "Ik blijf thuis, want ik ben ziek." Zoezi likikutaka ubadilishe "want" kuwa "omdat", kitenzi kinakwenda mwisho: "omdat ik ziek ben".

Hatua ya 4: "Toen" ni maneno mawili

Hapa ndipo wifi alipoangukia. Kuna "toen" ambayo ni kielezi, "kisha, hapo". Hiyo ni neno la wakati kama "morgen", na kiima kinahamia nyuma ya kitenzi: "Toen kwam de bus", kisha basi likaja. Halafu kuna "toen" ambayo ni kiunganishi, inayofungua kishazi tegemezi. Hiyo inapeleka kitenzi mwisho: "Toen de bus kwam", basi lilipokuja.

Kilichonikomboa mimi ni Kiswahili chenyewe. Sema unachotaka kusema kwa Kiswahili, halafu sikiliza kitenzi. Ukisikia -po-, kama katika "lilipokuja", unahitaji kiunganishi, na kitenzi cha Kiholanzi kinakwenda mwisho. Ukisikia "kisha" na -ka-, "kisha basi likaja", ni kielezi.

Kipimo hiki kina mipaka yake. Ukianza na "ndipo", utasema "ndipo basi lilipokuja", na -po- imejitokeza ingawa Kiholanzi chake ni "Toen kwam de bus". Kwa hiyo jaribu na "kisha", usitumie "ndipo". Ukiwa bado na shaka, tamka kipande hicho peke yake kisha nyamaza. "Basi lilipokuja..." inamwacha msikilizaji akingoja, hicho ni kishazi tegemezi. "Kisha basi likaja" imekamilika. Pia, "toen" ni ya tukio moja lililopita. Jambo la sasa, la baadaye, au la kila mara linataka "als": "Als het regent, neem ik de bus", yaani mvua ikinyesha.

Jozi nyingine zina mtego huo huo, ila zenyewe angalau zinatofautiana kwa sura. "Daarna" ni "baada ya hapo", na kiima kinahamia: "Daarna gingen wij naar huis." "Nadat" inafungua kishazi tegemezi: "Nadat wij hadden gegeten, gingen wij naar huis", baada ya kula tulikwenda nyumbani. Vivyo hivyo "daarom" ni "kwa hiyo" na "omdat" ni "kwa sababu".

Sasa nusu ya pili, ambayo wengi wanaisahau baada ya kuhangaika na ya kwanza. Kishazi tegemezi kikitangulia, chote kizima kinahesabiwa kuwa nafasi ya 1. Kitenzi cha sentensi kuu kinafuata papo hapo:

Toen de bus kwam, stapten wij in.

Tazama koma: vitenzi viwili vimekutana hapo, "kwam" upande huu na "stapten" upande ule. Visipokutana, rudi ukague. Kuna hali moja ya kukutatiza: Waholanzi huweza kuongeza "dan" baada ya koma, "Als het regent, dan neem ik de bus", na ni sahihi. Kwenye mazoezi iache. Na kishazi tegemezi kikija nyuma, sentensi kuu haiguswi: "Wij stapten in toen de bus kwam."

Wifi alikuwa ametumia "toen" ya kielezi mahali pa kiunganishi. Angeweza kuandika "De bus kwam. Toen stapten wij in", lakini hizo ni sentensi mbili, na maelekezo yalisema "Maak één zin".

Hatua ya 5: Vitenzi vinavyokatika, na vitenzi viwili

"Ik sta om zes uur op", lakini "omdat ik om zes uur opsta": mwishoni kitenzi kinajiunga tena na kuandikwa neno moja. Vikiwa viwili, "omdat ik gisteren heb gewerkt" na "omdat ik gisteren gewerkt heb" zote ni sahihi. Mimi hufundisha ile ya kwanza tu, kwa sababu mpangilio wake unafanana na "omdat ik vandaag moet werken", nawe unabeba mmoja kwa yote mawili.

Kisha nikampa wifi zake: "Ik kwam bij de halte aan. De bus was al weg." Nilifika kituoni, basi lilikuwa limeshaondoka. Akasema "nilipofika", akasikia -po-, akaandika:

Toen ik bij de halte aankwam, was de bus al weg.

Nikamwambia aanze na "gisteren". Alifikiri kidogo, akafuta mara moja, akaandika:

Gisteren was de bus al weg toen ik bij de halte aankwam.