Kabla ya kujenga chumba cha mkaa, pima hewa

Mkulima wa nyanya wa Mikindani, pwani, na mwenzake wa Masasi, bara, wanaweza kujenga chumba cha mkaa cha vipimo vilevile, mmoja akapata ubaridi, mwingine akabaki na mkaa uliolowa tu. Fundi hana kosa. Chumba hiki cha kuhifadhia mazao kina kuta za mkaa uliolowa, nacho hupozwa na maji yanayokauka ukutani, na hewa iliyokwisha kushiba unyevu wa bahari haikaushi mengi.

Tafuta vipimajoto viwili. Kimoja kiache kikavu. Cha pili kifunge kitambaa cha pamba kwenye ncha, ukiloweshe kwa maji safi, kisha ukipepee kivulini dakika mbili tatu hadi kiache kushuka. Hapo ndipo mwisho wa ubaridi: chumba hakitashuka chini ya hapo hata ukimwagia kisima kizima. Chumba kizuri hufika kama robo tatu ya tofauti ya vipimo hivyo viwili.

Tuseme ni alasiri ya kiangazi Masasi, kikavu kinasoma nyuzi 32 na kilicholowa 22. Tofauti ni 10, robo tatu yake 7.5, kwa hiyo ndani utapata kama 24.5. Sasa tuseme ni masika pwani, kikavu 31 na kilicholowa 28. Utapunguza nyuzi mbili na ushee, basi. Mimi tofauti ikiwa chini ya 5 kwa siku nyingi za mavuno nisingejenga; ningevuna alfajiri na kuweka mazao kivulini penye upepo.

Ukijenga, ukuta mmoja mpana uelekee kusi ili upepo upite kwenye mkaa, paa liwe na kivuli, na maji yadondoke polepole toka juu. Mkaa ukikauka sehemu moja, upepo wa moto hupenya hapohapo.

Tatizo jingine huja usiku. Hewa ya ndani imejaa mvuke, na bati lililo wazi kwa anga hupoa haraka kuliko hewa. Likishuka chini ya kiwango cha umande, yaani joto ambalo mvuke huanza kugeuka matone, maji hudondokea nyanya na kuziozesha. Kiwango hicho unaweza kukipata kwa kikombe cha bati: tia maji, ongeza barafu kidogo kidogo huku ukikoroga kwa kipimajoto, usome pale kikombe kinapoanza kufanya ukungu kwa nje. Fanyia ndani ya chumba, maana hewa yake ina mvuke zaidi ya ya nje. Dawa ya matone hayo ni dari ya makuti chini ya bati, na kusimamisha maji jioni kisha kufungua mlango hewa ibadilike.

Korosho usiziweke humo kabisa, hata kwa usiku mmoja. Zinataka ghala kavu. Unyevu unaofaa mchicha ndio unaoziotesha ukungu.