SOMO: Kupanga zamu zinazofuata jua kwa kanda tatu, asikeshe mtu

Wakuu, swali hili nimelijibu inbox mpaka nimechoka, kwa hiyo naliweka hapa mara moja. Mfano wetu ni timu ya huduma kwa wateja iliyo Singapore, London na San Francisco, kila mmoja akifanya kazi 09:00 hadi 18:00 kwa saa za kwake. Saa zote humu ni za mfumo wa saa 24: 09:00 ni saa tatu asubuhi.

1. Ratiba yote iandikwe kwa UTC, saa ya pamoja ya dunia ambayo haibadiliki na majira.

2. Pangeni zamu. Majira ya baridi, Singapore inashika 01:00–10:00 UTC, London 09:00–18:00, San Francisco 17:00–02:00. Kila zamu inakutana na inayofuata kwa saa moja. Saa hiyo ni ya kukabidhiana, msiijaze vikao.

3. Kengele za mfumo zielekezwe kwa zamu, zisielekezwe kwa namba ya mtu.

4. Mabadiliko ya saa. Hapa ndipo ratiba yetu ilipovunjika, someni polepole.

Singapore haibadilishi saa. Marekani husogeza saa mbele Jumapili ya pili ya Machi, Uingereza Jumapili ya mwisho ya mwezi huohuo. Marekani ikishabadili, San Francisco inafanya kazi 16:00–01:00 UTC, na Singapore inaanza 01:00. Makutano yametoweka: mmoja anafunga kompyuta dakika ileile mwenzake anapofungua yake. Ratiba bado inaonyesha mtu kwa saa zote 24, ndiyo maana hakuna anayeshtuka. Mtaligundua kwenye tiketi: zilizoingia jioni ya San Francisco zinachunguzwa upya kuanzia mwanzo, na mteja anaulizwa maswali yaleyale mara ya pili.

Dawa ni Singapore kuanza 08:00 za kwao, yaani 00:00–09:00 UTC. London nayo ikishabadili (08:00–17:00 UTC), makutano yote matatu yanarudi kuwa saa moja.

ONYO: kati ya Jumapili hizo mbili kuna wiki mbili au tatu ambazo London bado inaanza 09:00 UTC, wakati Singapore iliyosogezwa inamaliza. Mmeziba pengo moja, mmefungua jingine. Wiki hizo gawanyeni Singapore: mmoja aanze 08:00, mwingine 09:00. Hali hiyo hurudi kwa wiki moja kuanzia Jumapili ya mwisho ya Oktoba, Uingereza inaporudisha saa, hadi Jumapili ya kwanza ya Novemba, Marekani nayo inaporudisha.

Msikisie, ulizeni kompyuta:

```
TZ=America/Los_Angeles date -d '2026-07-01 01:00 UTC'
```

Kwenye Linux itajibu 18:00 ya Juni 30. Zamu imekwisha.

5. Kukabidhi. Andikeni kilichopo, kilichojaribiwa, kilichoahidiwa na kinachofuata. Mfano: "Malipo yanakwama tangu 22:40 UTC. Tumewasha upya huduma ya foleni, haikusaidia. Hifadhidata hatujaigusa. Mteja ameahidiwa taarifa 02:00. Kinachofuata: kagua diski ya seva ya pili." Tiketi inabaki mikononi mwa anayeondoka mpaka anayeingia aandike "nimepokea". Kimya si kupokea.

---

Kipanga: Mkuu, mimi London nimeiweka UTC+0 mwaka mzima. Kuna shida?

Jibu: Ipo. Rudia hatua ya 4. Kwenye mfumo weka `Europe/London`, usiweke namba.

Kipanga: Ni ndefu, nipe kwa kifupi.

Jibu: Kifupi ni `Europe/London`.

Nahodha2: Asante kwa somo. Wikendi je? Ijumaa jioni San Francisco, Singapore tayari ni Jumamosi asubuhi.

Jibu: Umeona mbali. Majira ya baridi, pengo linaanza Jumamosi 02:00 UTC hadi Jumatatu 01:00 UTC, saa 47. Msilitupie kanda moja. Kila kanda itoe mtu mmoja anayekaa nyumbani na simu kwa saa nane za mchana wake, Jumamosi na Jumapili, kisha apewe mapumziko katikati ya wiki. Kwa dharura tu. Tiketi za kawaida zisubiri Jumatatu.

Mama Seva: Na tatizo kubwa likiwa linawaka wakati wa kukabidhi?

Jibu: Anayeingia asikilize kwanza nusu saa bila kugusa kitu, kisha atamke mbele ya wote kwamba sasa anaongoza yeye. Msibadilishane katikati ya kurudisha toleo la zamani. Malizeni hatua hiyo kwanza. Makutano yakiisha, aliyeongoza aende nyumbani. Akibaki "kidogo tu", mmeshaurudisha usiku kazini.

Nahodha2: Kwetu maelezo tunayaandika kadiri zamu inavyokwenda, hatusubiri dakika za mwisho. Yanatoka kamili zaidi.

Jibu: Fanyeni hivyo wote. Na kila tukio liwe na saa yake ya UTC, maana "asubuhi" ya San Francisco mtu wa Singapore hawezi kuitafuta kwenye kumbukumbu za seva.