Kuomba kazi Ajira Portal kwa simu ya bei poa na bando dogo

Juzi nimemsaidia dogo mmoja wa mtaani kutuma maombi kwenye portal.ajira.go.tz, simu yake ina RAM GB 1, kioo kidogo na bando la MB 300 tu. Stationery walitaka kumchaji kila cheti peke yake. Tulimaliza na bando likabaki, naandika tulivyofanya maana wengi wananiuliza.

Siri ni moja: kazi yote fanya data ikiwa IMEZIMWA, mtandaoni unaingia kubandika na kupandisha faili basi.

Hatua ya 1: Kusanya vitu

Vyeti halisi (result slip za form four na six hawazipokei, usijisumbue), cheti cha kuzaliwa, namba ya NIDA, majina na mawasiliano ya wadhamini watatu, CV, na barua ya maombi yenye SAHIHI yako. Barua unaweza kuiandika kwa mkono vizuri ukasaini ukaipiga picha.

Hatua ya 2: Picha

Hapa ndo watu wanaharibu. Kamera ikiwa kwenye megapikseli zake zote, picha moja ya cheti inafika MB 3 au 4, na portal nyingi kikomo cha faili ni MB 1 au 2, wameandika pembeni ya kitufe, soma. Sasa mtu anapiga picha kubwa halafu anaanza kuhangaika kuipunguza. Punguza KABLA: ingia setingi za kamera, kwenye ukubwa wa picha chagua megapikseli 2, yaani kama 1600 kwa 1200. Karatasi ya A4 ikijaa kwenye fremu vizuri unapata kama nukta 137 kwa kila inchi, inasomeka mpaka namba ya mtihani na muhuri. Chini ya hapo muhuri unaanza kuwa ukungu.

Weka cheti sakafuni karibu na mlango mchana, flashi zima, usikipige kikiwa ndani ya lamination kama kinatoka maana kinameta. Ukimaliza vuta picha uikuze, usome namba ya mtihani. Kama wewe mwenyewe huioni, anayekagua hataiona.

Hatua ya 3: Kugeuza kuwa PDF

Kama simu yako ina RAM GB 2 kwenda juu, tumia Files by Google, simu nyingi za Android Go zinakuja nayo, ina kitufe cha Scan, inakata kingo yenyewe na PDF inabaki kwenye simu. Lakini skana hiyo ya Google inataka RAM isiyopungua GB 1.7, kwa hiyo kwa dogo ilikataa, na si kwamba simu imeharibika.

Njia ambayo utaambiwa na kila mtu ni kufungua picha, Print, halafu Save as PDF. Inafanya kazi bila data, sikatai, ila cheki ukubwa wa faili baada ya hapo. Mara nyingi picha ya KB 500 inatoka PDF ya MB kadhaa, kwa sababu simu inaifungua picha na kuichora upya kwenye ukurasa wa A4, ule mbano wa JPEG unapotea. Dogo alishafika hapo, faili linakataliwa na anaapa picha ni ndogo. Ni kweli picha ilikuwa ndogo, PDF ndo ilivimba.

Kwa simu ya namna hiyo shusha kiapp kidogo cha kugeuza picha kuwa PDF, chini ya MB 10, kisichodai akaunti, kitumie data ikiwa imezimwa na matangazo hayatakusumbua. Vile vitovuti vya kubana PDF mtandaoni mimi sivitaki kabisa, unalipia data kupandisha, unalipia kushusha, na umemwachia mtu usiyemjua cheti chako cha kuzaliwa.

Yape mafaili majina yanayoeleweka: cheti_f4.pdf, barua.pdf. Yaweke yote kwenye Download.

Hatua ya 4: Maandishi

Andika kila kitu kwenye app ya notes: anwani, majina ya wadhamini, namba zao. Utakuwa unakopi tu.

Hatua ya 5: Washa data kwa akili

Ukiwasha data hovyo, Play Store inaanza kusasisha, WhatsApp inashusha video za magroup, na bando linakata hujafungua hata ukurasa. Mafaili yako matano hayafiki hata MB 3! Kwa hiyo Play Store weka updates kwa Wi-Fi tu, WhatsApp zima kushusha media, na washa Data Saver kwenye setingi za mtandao. Usiogope, app uliyoifungua mbele yako inaendelea kupata mtandao, zinazobanwa ni za nyuma.

Hatua ya 6: Kupandisha mafaili

Hii ndo ilimla dogo usiku mzima kabla hajaja kwangu. Anajaza fomu, anabonyeza kuchagua faili, anachagua, anarudi, ukurasa mweupe, fomu tupu. Alidhani portal ina shida. Shida ni RAM: ukibonyeza kuchagua faili, Android inafungua dirisha jingine juu ya Chrome, memori haitoshi, simu inaiua Chrome kimyakimya ili ipate nafasi, ukirudi Chrome inaanza upya na ulichokuwa hujasevu kimeenda.

Kwa hiyo zima simu uiwashe, usifungue kitu kingine zaidi ya Chrome, na tab iwe moja. Linki usiifungulie ndani ya WhatsApp. Opera Mini naipenda kwa kusomea habari, ila kwa fomu kama hizi hapana, ikibana kurasa vitufe vingine vinakufa. Kwenye kila kipande cha profaili anza na FAILI kabla ya maandishi, ili Chrome ikiuawa usipoteze kitu, halafu bandika maandishi, sevu, ndo uende kipande kingine. Dirisha la faili likija USICHAGUE Camera hata siku moja, kamera ndo mla RAM mkubwa, nenda Download chagua upesi urudi. Baada ya kurudi angalia jina la faili limetokea pembeni ya kitufe. Kama halipo, hujapandisha.

Jinsi ya kujua tatizo ni lipi: ukurasa ukiwa mweupe na kurudi juu kabisa mara tu baada ya kuchagua faili, ni RAM. Ukirudishwa kwenye kulogin, umekaa muda mrefu bila kufanya kitu, ndo maana nasisitiza notes. Kiduara kikizunguka tu bila mwisho, ni mtandao, angalia kama juu pameandika E, toka nje au subiri alfajiri.

Na kama kitufe cha kusevu hukioni, kibodi imekifunika, bonyeza back mara moja. Kikiwa bado hakionekani, punguza Display size kwenye setingi.

Hatua ya 7: Tuma

Profaili ikijaa bado HUJAOMBA kazi. Tafuta tangazo la nafasi, bonyeza kuomba, weka barua, halafu ingia sehemu ya maombi yako uone nafasi imeorodheshwa. Piga screenshot yenye tarehe.