Somo: Mwakanuru ni mwendo, si muda

Ukimuuliza mtu wa kijijini mnada uko mbali kiasi gani, atakujibu, "Mwendo wa saa moja kwa miguu." Hakuna anayedhani ametaja saa ya ukutani. Ametaja njia. Mwakanuru ni kauli hiyohiyo: mwendo wa mwaka mmoja kwa mwanga.

Chukua kalamu tuupige hesabu.

1. Katika ombwe mwanga hukata karibu kilometa 300,000 kwa sekunde. Hauchoki wala hauongezi kasi, ndiyo maana unafaa kuwa kipimo. Mwendo wa saa moja wa kijana si wa mzee.

2. Anza na mfano mdogo. Jua liko kilometa milioni 150 kutoka hapa. Gawa kwa 300,000 upate sekunde 500, yaani dakika 8 na sekunde 20. Basi Jua liko dakika-nuru 8 na kidogo.

3. Sasa zidisha:

```
300,000 × 60     = 18,000,000 km kwa dakika
× 60             = 1,080,000,000 km kwa saa
× 24             = 25,920,000,000 km kwa siku
× 365.25         = 9,467,280,000,000 km kwa mwaka
```

Vitabu huandika trilioni 9.46, kwa sababu kasi halisi ni pungufu kidogo ya 300,000. Tazama kizio kilichobaki mwishoni: ni kilometa. Sekunde zimekatana na sekunde, muda ukaisha wote.

4. Ukitilia shaka sentensi, weka "kilometa" mahali pa "miakanuru". "Nyota ile iko kilometa kadhaa kutoka hapa" inasimama. "Ililipuka kilometa elfu zilizopita" inaanguka, basi hata ya miakanuru ilikuwa kosa.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, nyota ya Rijili Kantori iko miakanuru 4.4. Kwa hiyo chombo kitafika baada ya miaka minne na ushei?*

Mwanga ndio utakaofika kwa muda huo. Voyaja 1, chombo cha angani kilichorushwa 1977, inakwenda kama kilometa 17 kwa sekunde. Kwa kasi hiyo njia yote, trilioni 41 za kilometa, ingeichukua zaidi ya miaka 70,000. (Na wala haielekei huko.)

*Lakini si tunaambiwa tunaiona nyota ya zamani? Huo si muda?*

Ni muda, ila ni wa safari ya mwanga, si wa kipimo. Mwezi wa sita, kama saa tatu usiku, tazama kusini kando ya kundinyota la Salibu: mng'ao wa Rijili Kantori unaoingia jichoni uliondoka kule miaka 4.4 iliyopita. Barua ya juzi inakuletea habari za juzi, lakini umbali wa Tanga haupimwi kwa juzi.

*Mwaka mrefu, je, mwakanuru unarefuka?*

Hapana. Wanafalaki wameshika mwaka wa siku 365.25 kamili, uwe mrefu au mfupi kwenye kalenda yako.