Kabla hujapanga foleni kufungua akaunti

Ukienda kufungua akaunti binafsi hapa Tanzania, beba kitambulisho cha NIDA au angalau namba yake. Matawi mengine huongeza picha za pasipoti na barua ya serikali ya mtaa, basi uliza kwanza.

Kinachokwamisha wengi ni jina. Mdogo wangu alijaza fomu "Hamisi", NIDA inasoma "Khamis". Alirudishwa dirishani, akajaza upya. Andika kama mfumo unavyosoma, herufi kwa herufi. Tazama na tarehe ya kuzaliwa: tarakimu nane za mwanzo za namba ya NIDA ndiyo tarehe yenyewe, mwaka ukitangulia. Ikiwa imekosewa, anzia NIDA, benki hawawezi kuirekebisha.

Wakikuuliza kazi yako na pesa zitatoka wapi, usione ni umbea. Sheria ya kudhibiti utakasishaji wa fedha ya 2006 inawalazimisha kumjua mteja. Ukisema unauza genge, kisha ghafla zikaingia milioni hamsini, watakupigia kuuliza. Jibu la kweli siku ya kwanza, hata kama ni "nafanya vibarua", linakupunguzia maswali hayo.